Upande wa Kuume

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, Mianda alikuwa na kazi yake ndogo. Alifuta vumbi jekundu juu ya meza kwa kipande cha kitenge kilichochakaa, akafungua dirisha linalotazama reli, kisha akamwandikia mumewe kwenye simu: "Umeamka?" Alama moja ya kijivu ilitokea pembeni ya neno, na ya pili haikuja. Haikuja tangu mvua zilipoanza. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuacha kuingoja, lakini kidole kiliendelea kuandika, kama mtu anayefunga kwa ufunguo nyumba isiyo na kitu ndani.

Siku hiyo alikuwa hajamaliza neno pale mlango uliposukumwa kwa bega. Aliingia papa Tshiamala, karani mkongwe wa ofisi, simu mkono mmoja, kikombe cha chai mkono mwingine.

"Muana wanyi, acha ile! Bantu ba maternité banafika leo, hapana kesho. Madame Marthe anataka tablo mbele ya saa munane."

Muana wanyi, mwanangu, ndivyo alivyomwita siku zote, kwa Kiluba cha Kasai ambacho wazazi wa Mianda walizungumza nyumbani. Papa Tshiamala na baba yake walifika Kamina katika behewa moja, mwaka ule watu wa Kasai walipofukuzwa kutoka kusini, wakakaa kituoni hadi kituo kikawa mtaa wao. Baba alikwisha kufa. Papa Tshiamala ndiye aliyesimama mahali pake siku ya mahari.

Mianda aliifuta herufi aliyokuwa ameandika, akaweka simu kifudifudi.

"Tablo gani, papa?"

"Ile ya bantu ba ngambo ya reli. Miaka na miaka, banaume na banamuke."

Habari yenyewe Mianda aliijua, na aliijua kwa mwili wake. Ng'ambo ya reli, alikokuwa akikaa, kulikuwa na maternité, nyumba ya uzazi yenye vitanda vinne. Wanawake wakizidi, walizalia mkekani, na wengine walirudishwa kulala ukumbini kabla damu haijakatika vizuri. Shirika moja lilikuwa tayari kuipanua, kwa sharti: wanawake wenye umri wa kuzaa, kuanzia miaka kumi na mitano hadi arobaini na tisa, wawe angalau ishirini na mmoja katika kila watu mia wa mtaa. Wakipungua hapo, upanuzi ungekwenda mtaa mwingine. Mianda mwenyewe alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana chini ya kitenge. Yeye naye angezalia hapo, kitandani au mkekani.

Ripoti ya uchunguzi wa mtaa ule, ambayo ingetoa jedwali hilo, haikuwepo. Mashine iliyoihifadhi ilikufa pamoja na radi ya Desemba. Kilichobaki ni picha moja, iliyopigwa kwa simu siku matokeo yalipoonyeshwa kwenye bango ukumbini. Papa Tshiamala aliifungua, akampa.

Ilikuwa piramidi ya umri, zile pau zilizolala, moja juu ya nyingine: watoto chini, wazee juu, jinsia moja upande huu na nyingine upande ule. Aliyeipiga alisimama karibu zaidi na upande wa kushoto, kwa hiyo upande huo ulivimba na wa kuume ukabanwa. Juu, kichwa cha habari kilikatika. Maneno yaliyosema jinsia ipi iko upande upi yalikatika pamoja nacho. Kichwa cha mtu aliyekaa mbele kilificha kipande cha pembe moja, basi.

"Nani alipiga hii?"

"Minyi," alisema papa Tshiamala kwa fahari kidogo. "Bengine bote balikuwa banapiga biskuti."

Mianda alitabasamu kwa sababu ndipo mahali pa kutabasamu. Aliichapa picha kwenye karatasi kubwa, akachukua rula na penseli iliyochongwa.

Kazi hii aliifundishwa chuoni, na mikono yake iliijua hata pale kichwa kilipokuwa mbali. Chini ya piramidi kulikuwa na namba: sifuri katikati, kisha mbili, nne, sita, nane, kumi, kwenda kila upande. Alisoma maandishi madogo yaliyo chini yake: asilimia ya watu wote. Hilo lilikuwa jambo la kwanza. Kama ingekuwa asilimia ya kila jinsia peke yake, kila upande ungepaswa kufika mia. Hapa pande mbili kwa pamoja ndizo zinazopaswa kufika mia.

Papa Tshiamala aliweka kidole katikati ya mstari wa miaka. "Unaanza kupima hapa, kweli?"

"Hapana, papa. Hapo katikati ni nafasi ya kuandikia miaka tu. Ukiipima, kila upau unapata watu ambao hawapo. Kila upande una sifuri yake, hapa na hapa."

"Aaa. Njo maana chuo kilikula pesa ya baba yako."

Kutoka kila namba ulipanda mstari mwembamba hadi juu. Katika picha iliyopigwa kwa pembeni, mistari hiyo haikuwa sawa: upande wa kushoto iliachana zaidi, upande wa kuume ilikaribiana, na kuelekea juu yote iliinama. Kwa hiyo hakutumia kipimo kimoja kwa karatasi nzima. Aliirefusha mistari kwa penseli pale ilipofifia, kisha katika kila safu akaangalia upau umeishia wapi kati ya mstari wake na mstari unaofuata. Umepita mbili, umefika karibu nusu ya njia kwenda nne: mbili nukta tisa. Umepita nne kidogo: nne nukta tatu. Alisema namba, papa Tshiamala akaziandika kwenye kompyuta kwa vidole viwili.

"Na juu ya kolone ninaandika nini?" aliuliza papa Tshiamala. "Hii ya kushoto, banamuke?"

Mianda alikuwa ameinama juu ya karatasi. Kiti kilimsumbua mgongo. Katika kichwa chake hakukuwa na kitu, ila sauti ya mwanamke mmoja, sauti ya usingizi, iliyosema "Allo?" siku alipompigia Zacharie, mumewe, mara ya mwisho.

"Kushoto, mukono ya bakaji," papa Tshiamala alijijibu. "Kuume, ya balume. Hata Swahili inasema vile."

"Ee, papa," Mianda alisema.

Na kweli mwili wake ulikubali. Nyumbani kwa mama yake, mtoto akinyoosha mkono wa kushoto kupokea chakula, aliambiwa: huo ni mkono wa bakaji, wa wanawake, leta wa balume. Kushoto ni kwa wanawake, kulia ni kwa wanaume; alijua hivyo kabla ya kujua kuhesabu. Papa Tshiamala akaandika juu ya safu mbili za tablo: wanawake kolone ya kwanza, wanaume kolone ya pili. Mashine ikakubali, kama mashine zinavyokubali kila kitu.

Walipomaliza, Mianda alijumlisha. Mia moja na mbili.

"Bantu mbili bametoka wapi?" papa Tshiamala alishtuka.

"Hawajatoka popote. Ni macho yetu. Kila upau tumeuona mrefu kidogo kuliko ulivyo." Akagawa kila namba kwa mia moja na mbili, akazidisha kwa mia, na jumla ikatulia kwenye mia. Juu ya tablo akaandika kwamba hayo ni makadirio, yamesomwa kwenye picha, yanaweza kukosea kwa sehemu chache za kumi kila upau. Kolone ya kwanza, arobaini na saba nukta tatu. Kolone ya pili, hamsini na mbili nukta saba.

Kisha akajumlisha wanawake wa kuzaa. Kumi na tisa nukta tisa.

Aliitazama namba hiyo. Ilikuwa chini ya ishirini na moja. Alijua maana yake: mkeka. Akangoja kitu kiinuke kifuani, hasira au uchungu, hakikuinuka kitu. Nje treni ya mizigo ilikuwa ikipita polepole, na vijana wa baiskeli wamesimama na magunia ya makaa, wanangoja ipite.

"Pole yabo," papa Tshiamala alisema, akipiga chapa. "Tutasema nini? Chiffre njo chiffre, namba njo namba." Akachukua karatasi, akatoka.

Mianda akabaki na picha. Hakuwa na sababu ya kuitazama tena. Aliitazama tu kwa sababu ilikuwa mbele yake, na macho yalipanda yenyewe kutoka pau ndefu za watoto hadi vijiti vya juu kabisa, wale wa miaka sabini na tano na zaidi. Kijiti cha kushoto kilikuwa kifupi. Cha kuume kilikuwa kirefu mara mbili yake na zaidi.

Kwa mujibu wa tablo yao, basi, wazee wa kiume ng'ambo ya reli walikuwa wengi mara mbili kuliko vikongwe.

Alifikiri juu ya mtaa wake. Jumapili, kwenye benchi la mbele la kanisa, bibi kizee pembeni ya bibi kizee, vitambaa vyeupe kichwani. Wazee wa kiume? Baba Ézéchias aliyekuwa fundi wa reli, anayesinzia wakati wa mahubiri. Na nani tena? Alimtafuta mwingine kichwani, hakumpata.

Akashuka chini. Watoto wachanga: kushoto wamezidi unywele mmoja. Wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana, hilo ni la kila mahali. Akapanda tena katikati, kwenye miaka ishirini hadi thelathini na minne. Hapo upande wa kushoto ulikatika ghafla, kama mtu aliyeng'atwa ubavuni. Upande wa kuume ulikuwa umeshuka polepole, kidato kwa kidato, haukukosa mtu.

Chuoni bango kama hili lilitundikwa ukutani miaka yote mitatu. Wanaume kushoto, wanawake kulia. Kila ripoti aliyopata kuishika iliwaweka hivyo. Alijua, na alisema "Ee, papa".

Alisimama, akakaa tena. Kumwambia papa Tshiamala kwamba amekosea, mbele ya wageni, baada ya yeye mwenyewe kuitikia? Alimwona akiwa amesimama siku ya mahari katika koti lake la kijivu, akibishana na wajomba wa Zacharie hadi wakacheka wote. Pengine wangeliona wenyewe. Pengine Madame Marthe angeuliza. Akajumlisha upesi miaka ya kuzaa ya kolone ya pili, akachukua picha na kalamu, akavuka ua.

Ofisini kwa Madame Marthe, mkuu wa ofisi, mgeni alikwisha kukaa. Aliitwa Nkulu, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliyetumwa na shirika. Tablo ilikuwa mikononi mwake. Papa Tshiamala alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni.

"Ingia, Mianda," alisema Madame Marthe. "Weye njo ulipima?"

"Ndiyo, Madame."

"Kazi safi," Nkulu alisema. "Umeeleza na makosa ya picha. Wengi hawaandiki hayo." Akapitisha kidole kwenye kolone. "Ila nasikitika. Kumi na tisa nukta tisa. Tazama hapa, miaka ishirini na mitano hadi ishirini na tisa: wanawake wawili nukta nane, wanaume wanne nukta mbili. Wanawake wenu wanakwenda wapi?"

"Papa," Mianda alisema kwa sauti ndogo, "wazee wa kiume wamekuwa wengi."

Papa Tshiamala alicheka. "Unaona? Minyi sitakufa leo! Hesabu inakataa."

Madame Marthe akacheka, Nkulu naye. Mianda akaangalia sakafu. Alikuwa ameshasema, na hakuna aliyesikia. Angeweza kurudi mezani kwake sasa.

"Lakini kweli," Nkulu alisema, "wanakwenda wapi?"

"Banafuata bwana zabo," alijibu papa Tshiamala. Alijibu kwa wema, kama mtu anayetetea mtaa wake. "Bwana anaenda Kolwezi kuchimba, anapata kanyumba, anaita bibi. Bibi anapanda treni na masufuria. Njo maisha. Hata huyu," akaweka mkono juu ya bega la Mianda, "Zacharie yake iko kule. Karibu na ye atapanda. Kweli, muana wanyi? Anarudia lini, ao njo weye utaenda?"

Lilikuwa swali la kila wiki, na jibu lake Mianda alikuwa nalo tayari mdomoni. Mwezi unaokuja, papa. Alilisema wakati wa mvua, alilisema Krismasi, alilisema kwa mama yake akiwa anachambua majani ya sombe. Lilitoka bila kazi yoyote.

Hakulitoa. Haikuwa ushujaa. Ilikuwa kwamba, akiwa amesimama pale na picha mkononi, aliona kolone mbili zile na kuona jinsi zilivyokaa vizuri na lile jibu. Wanaume wapo, wanne nukta mbili. Wanawake ndio waliopanda treni. Mtu akisoma karatasi hiyo miaka kumi baadaye, Zacharie angekuwa nyumbani ng'ambo ya reli, na asiyekuwepo angekuwa yeye.

"Basi tunafunga?" Nkulu aliuliza, akitafuta kalamu mfukoni. "Madame, tutasema upanuzi unasubiri."

"Tutafanya je," alisema Madame Marthe.

"Tumewageuza," Mianda alisema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Papa Tshiamala aliondoa mkono wake begani.

"Tumegeuza nani?"

Mianda aliweka picha mezani, akaigeuza ielekee kwao. Kidole chake kikapanda hadi pau za juu. Alikitazama kama kidole cha mtu mwingine. "Maneno ya juu yalikatika. Tukaandika kushoto wanawake. Tazameni huku juu, miaka sabini na tano. Kuume ni wengi mara mbili. Madame, Jumapili unaona nani kanisani kwetu, bibi ao babu?"

"Babibi," Madame Marthe alisema taratibu. "Ni babibi tu."

"Na hawa wachanga, kushoto wamezidi kidogo. Ni wavulana. Bango linaweka wanaume kushoto, wanawake kulia, karibu kila mahali. Tukiandika hivyo, wanawake wa kuzaa ni ishirini na nne nukta saba."

Nkulu alivuta miwani, akainama juu ya picha muda mrefu. Alilinganisha kijiti cha juu na cha chini, akarudi kwenye tablo, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayekubaliana na yeye mwenyewe. Kalamu akairudisha mfukoni.

Papa Tshiamala hakuinama. Alitazama mikono yake miwili, mmoja baada ya mwingine. "Dia bakaji," alisema. "Dia balume. Lakini mukono ni mukono, muana wanyi. Tangu zamani ni vile."

"Najua, papa. Na minyi nilikubali. Hata kwa mama ni vile. Bango tu ndilo linasema kinyume."

"Basi hii," alisema, na sasa aliinama, akaweka ukucha wake pale ubavu wa kushoto ulipong'atwa, "hawa banakosa hapa..." Aliinua macho, akamtazama usoni, kisha kitenge, kisha usoni tena. "Zacharie anarudia mwezi unaokuja. Uliniambia."

"Hakuna aliyemfuata bwana yake, papa," Mianda alisema. "Nilimwomba niende, akakataa. Nikapiga simu, mwanamke akaitika. Banaume njo balienda. Zacharie alienda, na hatarudia. Minyi niko hapa. Nitazalia hapa."